Mpango wa ukurasa mmoja kwa treda aliyeajiriwa

*"Shikamoo mwalimu. Nimeajiriwa, asubuhi hadi jioni niko kazini. Nina akaunti ya dola 1,200, nafanya EURUSD peke yake, na kila mara naingia na loti 0.10 kwa sababu chini ya hapo faida haionekani. Kuingia si tatizo. Tatizo ni nikiwa kazini: bei ikirudi nyuma nasogeza kikomo cha hasara, ikienda vizuri nafunga mapema kwa woga. Niliwahi kuandika mpango wa kurasa saba, siusomi. Nisaidie mpango wa ukurasa mmoja: niingie lini, nitoke lini, niweke kiasi gani, na mwisho wa wiki nikague nini?"*

Marahaba. Tuanze na hiyo loti 0.10, maana mengine mengi uliyoyataja yanatokana nayo. Kwenye EURUSD, loti 0.10 ni yuro 10,000, na kila pipsi moja, yaani 0.0001 ya bei, bei inaposogea, akaunti yako inasogea kwa dola 1. Kwa mtu asiyeweza kukaa mbele ya skrini mchana, chati inayofaa ni ya siku, na kwenye chati hiyo kikomo cha hasara chenye nafasi ya kutosha huwa umbali wa pipsi 100 hivi. Maana yake kila unapoingia unaweka dola 100 na ushei hatarini, kati ya 1,200. Kisha unaenda kazini na simu mfukoni. Unadhani umekosa nidhamu, lakini mimi naona woga wako umepima vizuri kuliko mpango wako: kiasi hicho ni kikubwa mno kwa akaunti hiyo, na hakuna kanuni ya kutoka itakayofuatwa na mtu anayeogopa namna hiyo.

Angalia hesabu yenyewe. Chukua mfumo unaoshinda mara 45 katika 100, ambao si mbaya hata kidogo ikiwa faida zake ni kubwa kuliko hasara zake. Mfumo huo, ndani ya biashara 100, una uwezekano wa karibu tatu katika kumi wa kukupa hasara nane zinazofuatana. Haujaharibika, ndivyo bahati inavyojipanga. Kwa kikomo cha pipsi 105 na loti 0.10, hasara nane ni dola 840. Unabaki na 360, na ili urudi ulipoanza akaunti inabidi ikue zaidi ya mara tatu. Kwa loti 0.01, hasara zilezile nane ni dola 84, unabaki na 1,116, na jioni ya siku hiyo bado unaweza kusoma chati kwa akili timamu. Kuingia ni kulekule na kutoka ni kulekule.

Kwa hiyo ukurasa wako tutauandika kinyume na wengi wanavyouandika. Wengi huanza na mahali pa kuingia, wakajaza nusu ya karatasi na viashiria, kisha wakamalizia na "nitahatarisha kidogo". Sisi tutaanza na mahali ambapo wazo letu litakuwa limekosea, ndipo tupate kiasi, kisha kutoka kwa faida, na kuingia mwishoni.

Kikomo kwanza, kisha kiasi

Kikomo cha hasara hakiwekwi mahali unapoweza kuvumilia hasara. Huwekwa mahali ambapo bei ikifika, sababu yako ya kuingia haipo tena, na kiwe mbali na msukosuko wa kawaida wa siku. Kupima msukosuko huo tumia kiashiria cha `ATR(14)`, alichokitambulisha J. Welles Wilder mwaka 1978. Kinakupa wastani wa umbali ambao bei imekuwa ikitembea kwa siku, kwa siku 14 zilizopita, kikihesabu pia mapengo kati ya siku na siku. Kama ATR ni pipsi 70 na wewe umeweka kikomo pipsi 30, basi hata siku ya kawaida tu, isiyo na habari yoyote, inaweza kukutoa sokoni hata kama wazo lako ni sahihi. Nakushauri mara moja na nusu ya ATR. Kwa ATR ya 70, hiyo ni pipsi 105.

Sasa kiasi. Chagua asilimia 1 ya akaunti kwa kila biashara, yaani dola 12 leo. Kwa EURUSD na jozi nyingine zinazoishia na dola, loti nzima ina thamani ya dola 10 kwa pipsi, kwa hiyo:

```
loti = (akaunti × 0.01) ÷ (pipsi za kikomo × 10)
     = 12 ÷ 1050
     = 0.0114  →  0.01
```

Siku zote unashusha, hupandishi. Hapo utahatarisha dola 10.50 pamoja na gharama za broka. Kiasi hicho kimoja cha hatari tukiite R, kwa sababu kuanzia sasa utahesabu matokeo kwa R na si kwa dola. Hasara kamili ni −1R. Faida ya mara mbili ya ulichohatarisha ni +2R.

Ona kwamba mkopo wa broka haujatajwa popote kwenye hesabu hii. Wengi huamini kuwa broka akikuruhusu kufungua loti 0.50, basi ni salama kwa akaunti yako. Dhamana anayokushikia broka inalinda fedha zake yeye, haipimi hatari yako. Ukubwa wa oda unatoka kwenye umbali wa kikomo na akaunti yako, basi.

Kuna ukweli mmoja usiopendeza hapa. Loti 0.01 ndiyo ndogo kuliko zote kwa broka wengi, na akaunti ya dola 1,200 iko karibu sana na ukingo huo. Soko likichangamka ATR ikafika 90, kikomo kinakuwa pipsi 135, na loti 0.01 sasa inahatarisha dola 13.50. Imepita 12. Jibu la ukurasa wako ni kuiacha biashara hiyo, wala si kubana kikomo ili hesabu ikubali. Kikomo kilichobanwa ili kitoshee kwenye hesabu hakipimi tena kitu chochote sokoni. Kama broka wako anatoa vipande vidogo zaidi ya 0.01, tatizo hili linapungua sana, na ingefaa umuulize.

Kutoka, kukiwa na njia tatu tu

Unatoka kwa kikomo, au kwa lengo, au kwa muda kuisha. Lengo liwe 2R, na oda yake unaiweka palepale unapoingia, iwe inasubiri kwa broka wakati wewe uko kazini. Muda ni siku 10 za soko: kama mshumaa wa kumi, yaani mchoro wa bei ya siku ya kumi, umefunga na hujafika popote kati ya hizo mbili, unafunga jioni hiyo kwa bei iliyopo.

Utaulizwa na wenzako kwa nini usifunge nusu kwenye 1R ukaacha nusu ikimbie. Ni njia nzuri inayotuliza moyo, lakini loti 0.01 haigawanyiki, kwa hiyo kwako haipo. Wengine watakwambia usogeze kikomo ukifuata bei siku kwa siku. Hiyo hukamata miendo mirefu vizuri kuliko lengo maalumu, lakini hukutoa mara nyingi kabla mwendo haujaanza, na inadai uamuzi kila jioni. Kwa mtu ambaye udhaifu wake ni kugusa oda, naona lengo maalumu ni bora, hata kama mara mojamoja utaitazama bei ikienda mbali zaidi bila wewe.

Ruhusa moja ya kusogeza kikomo nakuachia, tena kuelekea kwenye faida peke yake. Mshumaa wa siku ukifunga ukiwa umefikisha 1R, sogeza kikomo hadi bei uliyoingilia. Nimesema ukifunga. Kuigusa 1R mchana kisha kurudi hakuhesabiki. Wanaokimbilia kusogeza mapema hujikuta wametolewa na sifuri kwenye biashara ambazo zingelipa, na hilo huwa halionekani kwenye taarifa ya akaunti kama hasara, ndiyo maana hawaligundui.

Kuingia

Hapa ndipo kurasa zako saba zilipojaa, sina shaka. Inatosha kujibu maswali mawili: soko linaelekea wapi, na je, limepumzika?

Kwa upande wa kununua: bei imefunga juu ya wastani wa bei za siku 50, na wastani huo leo uko juu kuliko ulivyokuwa siku 10 zilizopita. Huo ndio mwelekeo. Kisha mshumaa wa leo umeshuka ukagusa wastani wa siku 20, lakini umefunga juu yake. Huko ndiko kupumzika. Vyote vikikamilika, unaweka oda ya `Buy Stop` pipsi 5 juu ya bei ya juu kabisa ya mshumaa huo, inayoishi hadi mshumaa unaofuata ufunge. Bei ikipanda hadi hapo unaingia, isipofika unaifuta. Hufukuzii. Upande wa kuuza ni hayohayo yakigeuzwa.

Hizo pipsi 5 zina kazi. Chati za majukwaa mengi, MetaTrader ikiwemo, huchorwa kwa bei ya kuuzia peke yake. Oda ya kununua huamshwa na bei ya kununulia, ambayo iko juu kidogo. Ukiweka oda kwenye kilele cha mshumaa hasa, unaweza kuingizwa wakati kwenye chati bei haijafika kilele hicho. Kwa biashara za kuuza, kikomo chako ndicho huamshwa na bei ya kununulia, kwa hiyo kiongezee tofauti ya bei hizo mbili. Wanaolalamika kwamba broka "amenitoa na bei haikufika" mara nyingi wamekutana na jambo hili.

Mshumaa wa siku katika soko la fedha za kigeni hufungwa saa 11 jioni kwa saa za New York, yaani 17:00. Chunguza jukwaa lako kabla ya jambo lolote: kama lina mishumaa mitano kwa wiki, uko sawa. Kama lina sita, kimoja kikiwa kifupi sana cha Jumapili, basi saa ya seva ya broka wako haiendani na kufunga huko, na kale kamshumaa kanashusha ATR na kuvuruga wastani zote. Utakuwa unapima kikomo kwa rula fupi bila kujua.

Usiweke oda dakika ileile mshumaa unapofunga. Karibu na saa hiyo benki zinabadilisha siku ya hesabu, wauzaji na wanunuzi hupungua, na tofauti ya bei hupanuka ghafla kwa muda. Ingoje saa moja ipite. Kama kwako saa hiyo ni usiku wa manane, fanya asubuhi kabla ya kwenda kazini, mradi bei haijapita mahali pa oda yako. Ikiwa imeshapita, siku hiyo huna biashara.

Na siku za kutoingia: Ijumaa, na siku inayotangulia uamuzi wa riba wa Benki Kuu ya Marekani au ya Ulaya, au takwimu za ajira za Marekani. Tarehe hizo hutangazwa mapema, unaziandika mwishoni mwa wiki.

Biashara moja kutoka mwanzo hadi mwisho

Tuseme Jumatatu mshumaa umefunga 1.0836. Kilele chake ni 1.0845, bei ya chini kabisa 1.0772. Wastani wa siku 20 uko 1.0790, kwa hiyo bei iliugusa ikarudi juu yake. Wastani wa siku 50 uko 1.0728, na siku 10 nyuma ulikuwa 1.0695. Kesho hakuna tangazo kubwa. ATR ni 70. Unaweka `Buy Stop` 1.0850, kikomo 1.0745, lengo 1.1060, loti 0.01. Unaandika kwenye daftari mstari mmoja, unafunga kompyuta.

Jumanne mchana oda inaamka. Alhamisi bei inashuka hadi 1.0760. Uko kazini, na ukifungua simu utaona dola 9 nyekundu. Kwa loti yako ya zamani zingekuwa dola 90, na hapa ndipo ungesogeza kikomo. Dola 9 unaweza kuziangalia ukarudi kwenye kazi yako. Kikomo kikiguswa, umepoteza dola 10.50 na biashara imeisha kama ilivyoandikwa.

Tuseme hakikuguswa. Bei inageuka, na wiki inayofuata mshumaa unafunga 1.0961, pipsi 111 juu ya ulipoingia. Umefikisha 1R, jioni hiyo kikomo kinahamia 1.0850. Kisha soko linasuasua. Siku ya kumi inafunga 1.0990 na lengo la 1.1060 halijafikiwa. Unafunga. Ni pipsi 140, dola 14, +1.33R, ukitoa gharama za kulaza oda usiku kucha. Gharama hizo zipo kila usiku, na kwa jozi hii usiku wa Jumatano kwa kawaida huhesabiwa mara tatu kwa sababu ya wikendi, kwa hiyo zisome kwenye maelezo ya jozi ndani ya jukwaa lako. Biashara nyingi zitaisha hivi, kwa muda, katikati ya njia. Usiione siku ya kumi kama kushindwa.

Huu hapa ukurasa wenyewe, ukiwa umepangwa kwa mfuatano utakaoutumia siku ya biashara. Unakili kwa mkono, ubandike mahali unapokaa ukiweka oda:

> SOKO: EURUSD, chati ya siku. Naangalia mara moja kwa siku, saa moja baada ya kufunga au asubuhi kabla ya kazi.
> KUINGIA: Bei iko upande wa mwelekeo wa wastani wa siku 50. Mshumaa umegusa wastani wa 20 na kufunga upande wa mwelekeo. Oda pipsi 5 nje ya mshumaa, inaishi siku moja. Siingii Ijumaa wala kabla ya tangazo kubwa.
> KIKOMO: 1.5 × ATR(14). Hakisogei kuelekea hasara kamwe. Mshumaa ukifunga kwenye +1R, kinahamia bei ya kuingilia.
> KIASI: Asilimia 1 ya akaunti, nashusha. Loti ndogo kabisa ikizidi asilimia 1, siingii. Biashara moja kwa wakati mmoja.
> KUTOKA: Lengo 2R, au kikomo, au mwisho wa siku ya 10.
> BREKI: −2R ndani ya wiki, siingii tena hadi wiki ijayo. −10R tangu nianze, narudi kwenye akaunti ya majaribio.
> UKAGUZI: Jumamosi. Kanuni hazibadilishwi siku nyingine yoyote, wala nikiwa na biashara wazi.

Nimesema biashara moja kwa wakati mmoja kwa sababu utashawishika kuongeza GBPUSD. Ukinunua EURUSD na GBPUSD kwa pamoja, kwa sehemu kubwa umeuza dola mara mbili, na hatari yako imekaribia asilimia 2 huku daftari likisema 1.

Ukaguzi wa Jumamosi

Hii ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote, na ndiyo inayoachwa kwanza. Soko limefungwa, hakuna kinachokusukuma. Daftari lako liwe na safu chache: tarehe, kuingia, kikomo, lengo, matokeo kwa R, kisha safu mbili ambazo watu hawaziweki. Ya kwanza: je, nilifuata ukurasa, ndiyo au hapana? Ya pili: kama nisingeigusa, ingeishia wapi?

Tuchukulie daftari lenye biashara tatu za mwezi. Ya kwanza, −1R, ulifuata. Ya pili, +0.6R, uliifunga mchana kazini kwa woga, hukufuata. Ya tatu, +1.33R, ulifuata. Jumla +0.93R. Ukitazama akaunti peke yake, biashara ya pili ni moja ya zilizokwenda vizuri na ya kwanza ndiyo mbaya. Ukitazama daftari, ya kwanza haina kosa lolote, na ya pili ndiyo kosa pekee la mwezi. Sasa rudi kwenye chati, fuata kanuni zako mshumaa kwa mshumaa, ujaze ile safu ya pili: tuseme bei ilifika lengo, +2R. Woga ule ulikugharimu 1.4R. Hutaiona gharama hiyo popote kwenye taarifa ya broka.

Kazi ya Jumamosi ni kujaza safu hizo kwa biashara zilizofungwa, kupiga picha ya chati na kuihifadhi, kuhesabu upya asilimia 1 ya akaunti ilivyo sasa, na kuandika tarehe za matangazo ya wiki ijayo. Nusu saa inatosha. Usihukumu mfumo kwa wiki moja. Ukifikisha biashara 30, jumlisha safu mbili: matokeo uliyopata, na matokeo ambayo ungepata bila kugusa. Kama ya pili imeishinda ya kwanza, tatizo ni mkono wako na kanuni ziache zilivyo. Kama kugusa kwako kumekuwa na faida kweli, na hilo hutokea, basi tafuta unachokiona unapogusa, ukiandike kama kanuni.

Biashara 30 zinatosha kujua kama unafuata mpango. Hazitoshi kuthibitisha kwamba mpango unalipa, kwa sababu katika idadi ndogo hivyo bahati inaweza kuwa kubwa kuliko faida yenyewe. Ndiyo maana kabla ya kuweka hata senti, rudi nyuma kwenye chati ya miaka iliyopita, ficha upande wa kulia, usogeze siku moja moja na uandike ishara 50 kwa kanuni hizihizi. Mimi nimekupa ukurasa unaofuatika. Kama wastani wa ishara hizo 50 uko chini ya sifuri baada ya gharama, usiufanyie biashara kwa sababu tu mimi nimeuandika.

Mipaka ya ukurasa huu

Kikomo ni oda tu, hakina uwezo wa kusimamisha soko. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro, kilichokuwapo tangu Septemba 2011. Bei iliruka, na vikomo vya watu vilitekelezwa mbali mno na vilipoandikwa. Wapo walioishia kudaiwa na broka wao. Pengo la wikendi ni ndugu mdogo wa tukio hilo. Kwa ukubwa wa asilimia 1 unaweza kulala na oda wikendi, na pengo likikupiga litakuumiza bila kukumaliza. Muulize broka wako kama akaunti inaweza kushuka chini ya sifuri, na jibu ulipate kwa maandishi.

Lingine ni mapato. Tuseme mfumo unakupa wastani wa 0.2R kwa biashara baada ya gharama, jambo ambalo si dogo, na unapata biashara 30 kwa mwaka. Hiyo ni 6R, ambayo hata R ikiwa dola 12 kamili ni dola 72. Najua sicho ulichotaka kusikia, na naelewa kwa nini ulichagua loti 0.10. Lakini loti kubwa haiongezi ubora wa ishara hata kidogo. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida katika mikataba ya tofauti ya bei, CFD, kama hii yako hupoteza fedha. Akaunti yako kwa sasa ni mahali pa kujenga rekodi ya daftari. Mshahara wako ndio utakaoikuza, ukiona rekodi hiyo inastahili.

Kama fedha hizo zimekopwa, au ni za ada au kodi ya nyumba, usiingie kabisa, na kaa ana kwa ana na mshauri wa fedha mwenye leseni kabla ya kufanya lolote. Hakikisha broka wako yumo kwenye orodha ya mamlaka inayosimamia masoko, ukiitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka na si kwa kiungo alichokutumia broka. Mtu anayekuomba nywila ya akaunti akufanyie biashara, mkatalie.

Na kama umeweka breki ya −2R, ikafika, ukafungua oda nyingine usiku uleule, au unaificha hasara nyumbani, au unakopa kurudisha kilichopotea, basi hapo karatasi haina msaada. Toa fedha zilizobaki kwenye akaunti kesho yake, mwambie mtu mmoja unayemwamini kiasi halisi kilichopotea, na umwone mshauri nasaha anayeshughulika na uraibu wa kamari, kwa sababu dalili ni zilezile na anazijua.